Zohali, Mushtarii na karatasi ya shilingi elfu tatu

Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa mtaani kwetu alinijia baada ya Alasiri na karatasi iliyokunjwa mara nne. Binti yake, mzaliwa wa tarehe 30 Machi 1997, anataka kukodi chumba cha duka ashone mabuibui na kuyauza. Kabla ya kulipa amana, mama aliona ni heri aende kwa mtazamiaji. Alitoa shilingi elfu tatu, akarudi na maneno haya: Zohali imekalia nyota ya binti, mwaka 2026 wote asiguse biashara. Chini yake kulikuwa na bei ya kafara ya kuiondoa nuhusi hiyo, mara nne ya alichokwisha kulipa.

"Mwanangu, wewe hupenda mambo ya falaki," aliniambia. "Hebu niambie, hii ni kweli?"

Nitangulize msimamo wangu ili tusigombane. Ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Wanazuoni wetu tangu zamani wametenganisha hesabu ya nyendo za nyota, inayotupa kibla, nyakati za swala na kalenda, na kazi ya kutabiri riziki ya mtu kwa nyota hizo. Ibn Khaldun aliikataa hiyo ya pili katika Mukadima yake, na mimi niko naye. Lakini ningemwambia mama "haramu, itupe", angeitupa karatasi na hofu ingebaki moyoni. Kwa hiyo nilikaa naye barazani na kufanya kile ambacho mtazamiaji alipaswa kukifanya kwa kanuni za kazi yake mwenyewe. Hesabu nyingine hujijibu zenyewe ukizifuata hadi mwisho.

Wanajimu hutumia Mushtarii na Zohali kuuchora mwaka kwa sababu ya mwendo wao wa polepole. Mwezi huzunguka mbingu nzima kwa siku 27 na kitu, kwa hiyo hugusa kila kitu kila mwezi na hauwezi kuutofautisha mwaka mmoja na mwingine. Mushtarii huchukua karibu miaka 12, yaani buruji moja kwa mwaka. Zohali huchukua miaka 29 na nusu hivi, yaani takriban digrii 12 tu kwa mwaka. Katika elimu hiyo ya kale, ambayo Abu Maashar wa Balkhi aliiandikia vitabu huko Baghdad katika karne ya 9, Mushtarii huitwa saadi kubwa na Zohali nuhusi kubwa. Ya kwanza hupewa maana ya kufunguka, ya pili maana ya uzito, kuchelewa na kudaiwa.

Msomaji wa kweli huanza na siku ya kuzaliwa. Huangalia jedwali la falaki aone kila sayari ilikuwa digrii ya ngapi siku ile. Duara la mbingu lina digrii 360, buruji 12 za digrii 30 kila moja. Kwa binti huyu, Jua lilikuwa kati ya digrii ya 9 na ya 10 ya Hamali, ile buruji ambayo magazetini huandikwa Punda. Zohali nayo siku hiyohiyo ilikuwa papo hapo, nyuma ya Jua kwa macho yetu. Alizaliwa siku ambayo hivyo viwili vilikutana. Alama hizo hazihami tena maisha yake yote, ni kama vigingi vilivyopigwa ardhini.

Kisha huchukua mwaka unaotazamwa na kuchora njia ya zile sayari mbili. Zohali iliuanza mwaka 2026 katika digrii ya 26 ya Samaki na kuingia Hamali katikati ya Februari. Inapanda hadi karibu digrii ya 15 mwishoni mwa Julai, inasimama, inarudi nyuma hadi karibu digrii ya 8 mwezi wa Desemba, kisha inageuka tena mbele. Hairudi nyuma kikweli. Ukiwa ndani ya matatu inayopita tuktuk barabarani, tuktuk huonekana kama inarudi nyuma kulinganisha na minazi iliyo mbali, hali inakwenda mbele vilevile. Dunia yetu huipita Zohali hivyo kila mwaka. Jambo hili ndilo roho ya usomaji wote, kwa sababu ndilo linalofanya kigingi kimoja kiguswe mara moja au mara tatu.

Kigingi cha binti kiko kati ya 9 na 10. Zohali inakifikia mara ya kwanza mwanzoni mwa Mei 2026. Inakipita, inakwenda hadi 15, halafu katika kurudi inakigusa tena katika wiki za mwisho za Oktoba. Ikishageuka Desemba inakigusa mara ya tatu karibu na mwanzo wa Februari 2027. Wasomaji wengi makini huhesabu mguso pale sayari inapokuwa ndani ya digrii moja ya kigingi, huku au kule. Kwa kipimo hicho mguso wa Mei unachukua wiki mbili na siku chache, na ule wa Oktoba, Zohali ikiwa nzito zaidi, karibu wiki nne. Ndani ya mwaka 2026 wote ni wiki sita au saba. Hizo wiki nyingine 45 mtazamiaji alizitoa wapi?

Nilipomwonyesha mama hesabu hiyo kwa penseli aliniuliza swali zuri kuliko yote: "Na Mushtarii je? Yeye hakutajwa." Kweli hakutajwa. Ikiwa mwaka unachorwa kwa sayari mbili, aliyekuletea moja amekuletea nusu ya ramani. Mushtarii ilikuwa katika Kaa mwanzo wa mwaka, na inaingia Simba mwishoni mwa Juni. Katikati ya Agosti inafika kati ya digrii ya 9 na ya 10 ya Simba. Kutoka hapo hadi kigingi cha binti ni digrii 120, theluthi ya duara, pembe ambayo vitabu vya unajimu huiita ya mapenzi na msaada. Pembe ya 90 na ile ya 180 ndizo huitwa za ugomvi. Mushtarii nayo itarudi nyuma, lakini itaanzia karibu digrii ya 27 ya Simba mwezi Desemba na haitashuka kuifikia ya 10. Kwa hiyo pembe hii inatokea mara moja tu, kwa siku chache za Agosti.

Basi mchoro kamili wa mwaka wa binti, kwa kanuni zao, unasomeka hivi: uzito mwanzoni mwa Mei, nafasi katikati ya Agosti, uzito tena mwisho wa Oktoba, na hesabu kufungwa mwanzo wa Februari. Miguso mitatu ya Zohali wao huisoma kama kisa kimoja chenye sura tatu: jambo linajitokeza, linarudi kukaguliwa, kisha linatulia. Zaidi ya hayo Zohali kurudi mahali pake pa kuzaliwa, karibu na umri wa miaka 29, husomwa kama mtu kukabidhiwa majukumu ya utu uzima. Kukodi chumba, kutia sahihi mkataba na kulipa kila mwezi ni mambo ya Zohali hasa. Mnajimu wa kitabuni angesema asome mkataba mara mbili na aweke akiba ya miezi migumu. Mafunzo hayo hayana "asiguse".

Ndipo nikaigeuza ile karatasi. Nyuma kulikuwa na jina la binti na jina la mamake, kila herufi na nambari yake ya abjadi, jumla ikagawanywa kwa 12. Hapo kosa likaonekana. Hiyo ni njia ya wazee wetu ya pwani ya kumpatia mtu nyota kwa jina lake, na ina kanuni zake. Lakini jawabu lake ni buruji tupu, haina digrii. Huwezi kusema Zohali imekalia kitu ambacho hujui kiko wapi. Kwa buruji tupu, Zohali hukaa hapo miaka miwili na nusu hivi, basi ni rahisi kumtia mtu hofu ya mwaka mzima. Mkitaka kumjua anayechanganya njia, mwulizeni: digrii ya ngapi, na tarehe gani inafika hapo? Akijibu kwa jina la mama, hajafungua jedwali.

Kuna mkanganyiko mwingine hapa Mombasa, kwa kuwa tuna majirani wanaofuata hesabu ya Kihindi. Wao huanza kuhesabu buruji mahali pengine, tofauti ya karibu digrii 24, kwa hivyo kwao mwaka huu Zohali bado iko Samaki. Mtu akienda kwa wawili atarudi na buruji mbili. Lakini kigingi na sayari husogezwa pamoja, kwa hiyo tarehe za mguso hazibadiliki ila kidogo sana.

Saa ya kuzaliwa ni jambo jingine. Mama alikumbuka kuwa ilibaki kama wiki tatu kufika Idi ya kuchinja, na kwamba ilikuwa usiku, basi. Kwa Jua na Zohali hilo halidhuru, maana Jua husogea digrii moja tu kwa siku. Kwa Mwezi, unaosogea digrii 13 hivi kwa siku, linadhuru. Na kwa zile nyumba 12 za ndoa, mali na kazi, zinazotegemea buruji inayochomoza dakika ya kuzaliwa, hakuna la kusema kabisa. Akitokea wa kumwambia binti kuwa Zohali iko nyumba yake ya mali, ameibuni nyumba hiyo.

Nilimwachia mama swali moja ambalo wanajimu sijaona wakilijibu vizuri. Kila mtoto aliyezaliwa siku ile, kuanzia Vanga hadi Lamu, ana kigingi hichohicho na tarehe hizohizo. Wako watakaooa Mei, watakaofiwa, watakaopata kazi, na wengi ambao hawatakumbuka kuwa Mei ilipita.

Mama alikunja karatasi yake, akaniomba penseli, akaandika ubavuni mwa bei ya kafara kodi ya chumba kwa mwezi. Kafara ilikuwa imeizidi kodi ya mwezi mmoja kwa shilingi mia tano. Akaniuliza kama ninamjua wakili wa kuwasomea mkataba.