Siku Sitini Nazo Zina Bei: Namna ya Kuafikiana na Mteja Anayetaka Kulipa Baadaye

Hoteli kubwa inapompa fundi oda ya sare, jambo la kwanza analoangalia ni idadi na bei. Mstari wenye uzito kuliko yote huwa chini kabisa ya karatasi: malipo yatafanyika siku 60 baada ya kupokea mzigo. Wengi husaini wakidhani huo ni utaratibu wa ofisi usiobadilika. Wengine hukasirika na kukataa kazi nzuri. Wote wawili wameruka hatua moja, nayo ni kupiga hesabu ya gharama ya hizo siku 60.

Tuchukue mfano wa karakana ya ushonaji jijini Dar es Salaam, iliyosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, VAT. Hoteli inataka jozi 400 za sare kwa shilingi 50,000 kila moja. Hiyo ni milioni 20, na VAT ya asilimia 18 inaongeza milioni 3.6, kwa hiyo ankara itasomeka shilingi 23,600,000. Kitambaa, vifungo na nyuzi vinagharimu milioni 10, au milioni 11.8 pamoja na VAT. Ujira wa mafundi, umeme, pango na usafiri ni milioni 5. Faida iliyobaki kwenye makaratasi ni milioni 5.

Sasa tufuate tarehe. Kitambaa kinanunuliwa Kariakoo tarehe 4 Machi, na muuzaji anataka fedha taslimu. Mafundi wanalipwa kila wiki. Sare zinafikishwa hotelini tarehe 25 Machi, na siku 60 zikihesabiwa kuanzia hapo zinaishia tarehe 24 Mei. Tangu fedha ya kwanza ilipotoka hadi ya kwanza kuingia zimepita siku 81. Hoteli imehesabu sitini, ilhali karakana imebeba themanini na moja.

Katikati ya safari hiyo anasimama mtoza kodi. VAT haisubiri mteja alipe. Inadaiwa pale ankara inapotolewa, mzigo unapofikishwa au fedha inapopokelewa, kinachotangulia ndicho kinachohesabiwa. Ritani ya Machi inawasilishwa ifikapo tarehe 20 Aprili. Karakana itatoa milioni 3.6 za mauzo, itaondoa milioni 1.8 iliyokwisha kulipa kwenye kitambaa, na itapeleka milioni 1.8 serikalini. Kwa maneno mengine, karakana inamlipia mteja kodi mwezi mzima na zaidi kabla mteja hajatoa hata shilingi.

Ikiwa mwenye karakana amekopa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, milioni 16.8 alizokwisha kutumia siku ya kukabidhi mzigo zitamgharimu takriban shilingi 1,008,000 kwa miezi miwili. Ukiongeza riba ya ile fedha ya kodi, inazidi kidogo milioni moja. Sehemu moja ya tano ya faida imekwenda, na hapo mteja amelipa kwa tarehe aliyoahidi. Hata asiyekopa anaingia gharama, kwa kuwa fedha hiyo ingemnunulia kitambaa cha oda nyingine.

Milioni moja ndiyo bei ya siku 60 katika kazi hii, sawa na shilingi 2,500 kwa kila jozi. Mwenye kuijua namba hiyo haingii kwenye mazungumzo kuomba huruma. Anaingia na bei mbili mkononi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mazungumzo ni mpangilio wa maswali. Kabla ya kutaja bei, uliza mteja analipa lini na kwa utaratibu gani. Ukishasema 50,000, kila siku itakayoongezwa baadaye itakatwa kwenye mfuko wako. Ukiuliza mapema, unaweza kutoa bei inayofuata masharti: “Kaka, siku sitini nimezielewa. Mkilipa nusu mkitoa oda na iliyobaki ndani ya siku thelathini, kila jozi ni elfu hamsini. Mkitoa nusu na iliyobaki mkalipa baada ya sitini, ni elfu hamsini na moja. Mkitaka kulipa yote baada ya sitini, ni elfu hamsini na mbili na mia tano.”

Hakuna kati ya bei hizo iliyobuniwa ili kumtisha mteja. Nusu ya ankara ya milioni 23.6 ni milioni 11.8, kiasi kilekile kinachohitajika dukani kwa kitambaa. Kianzio cha namna hiyo kinaondoa mkopo mkubwa kuliko yote. Kinachobaki kwenye mabega ya karakana ni ujira na ile VAT ya milioni 1.8, na kuvibeba kwa siku 60 kunagharimu kama shilingi 360,000, ndiyo maana nyongeza inashuka hadi shilingi elfu moja kwa jozi. Ndiyo maana pia mzoefu hugombania kianzio kwanza kabla ya kugombania siku. Mteja anayetoa nusu na kukaa na iliyobaki siku 60 ni nafuu kuliko anayelipa yote baada ya 45.

Upande wa pili wa meza nao una mambo yake. Afisa manunuzi hupimwa kwa bei aliyopata. Siku za malipo, kwa kawaida, ziko mikononi mwa mkuu wa fedha. Ndiyo sababu afisa atasema, “Dada, hiyo ni sera ya kampuni, mimi sina uwezo.” Huenda anasema kweli. Jibu linalofaa ni kumpa kitu cha kupeleka juu. Badala ya kusema bei inapanda, andika kwenye nukuu bei ya 52,500 kwa siku 60, kisha weka punguzo la 2,500 kwa atakayetoa kianzio na kumaliza ndani ya siku 30. Hesabu ni ileile, ila sasa afisa anaweza kumwendea bosi wake na punguzo la shilingi milioni moja.

Na kama bei ilishatajwa na sera haitikisiki? Bado kuna njia ya kugawa mzigo. Jozi 200 za kwanza zikifikishwa tarehe 14 Machi na ankara yake ikaingia siku hiyo, sitini zake zinaisha tarehe 13 Mei. Nusu ya fedha imesogea siku kumi na moja bila mteja kuvunja sera yake. Njia nyingine ni benki. Baadhi ya benki hutoa fedha kwa dhamana ya LPO au ankara ya mteja mwenye jina, lakini hutoa sehemu tu ya thamani na hukata gharama yao. Gharama hiyo iwe ndani ya bei yako tangu mwanzo.

Baada ya idadi ya siku linakuja swali ambalo wengi hulisahau: zinahesabiwa kuanzia lini? Mwenye karakana anafikiria siku ya kushusha mzigo. Mhasibu wa hoteli huenda anafikiria siku ankara ilipogongwa muhuri, au mwisho wa mwezi, au siku meneja alipoidhinisha. Kisha kuna siku ya malipo yenyewe. Ikiwa kampuni hulipa mara moja kwa mwezi, ankara iliyoiva siku moja baada ya malipo kutoka itasubiri mwezi mwingine. Sitini za mdomoni zinakuwa tisini, na hakuna aliyevunja ahadi.

Tiba yake ni sentensi fupi ndani ya LPO au mkataba: malipo yatafanyika ndani ya siku 60 tangu tarehe iliyo kwenye hati ya kupokea mzigo iliyosainiwa na stoo, dosari itaarifiwa kwa maandishi ndani ya siku tano za kazi, na dosari ya baadhi ya sare haitazuia malipo ya zile zisizo na dosari. Kifungu hiki cha mwisho ni muhimu. Suruali kumi na mbili zenye kiuno kibaya zisipewe nafasi ya kufungia fedha za jozi 388 nzuri.

Siku ya kukabidhi, usiondoke stoo bila saini, jina na tarehe. Ankara ibebe namba ya LPO kama ilivyo, kwani namba ikikosewa mhasibu ana sababu halali ya kuirudisha, na siku zinaanza upya. Piga simu baada ya wiki moja kuuliza kama ankara imeingizwa kwenye mfumo, kisha siku ya hamsini kuuliza kama imepangwa kwenye malipo. Anayeuliza siku ya sitini na moja amechelewa.

Kuna hatari nyingine kubwa kuliko riba, nayo ni kurundikana kwa deni. Tuseme hoteli inataka sare kila mwezi. Mzigo wa Machi haujalipwa, wa Aprili umekwenda tarehe 25, na kitambaa cha Mei kimeshakatwa mezani. Kabla ya shilingi ya kwanza kuingia, karakana inadai milioni 47.2 kwa mteja mmoja. Wauzaji wengi Kenya walijifunza hili kwa machungu kupitia Nakumatt, mtandao wa maduka makubwa uliokuwa na jina kubwa kuliko yote sokoni, hadi wadai wake walipopiga kura ya kuuvunja Januari 2020. Waliokuwa wakipeleka bidhaa kwa mkopo, bila dhamana, hawakuwa na cha kushika. Jina la mteja halikuwa dhamana.

Kwa hiyo weka kikomo kwa shilingi, mbali na siku, na kiseme waziwazi: deni likifika milioni 24, mzigo mwingine haushuki mpaka uliotangulia ulipwe. Ukilisema siku ya kusaini, ni sharti la biashara. Ukilisema siku ya ugomvi, linasikika kama kisasi.

Sheria inaweza kusaidia, lakini husaidia aliyeandika. Nchini Kenya, marekebisho ya sheria ya ushindani ya mwaka 2019 yanahesabu ucheleweshaji wa malipo usio na sababu, kinyume cha masharti yaliyokubaliwa, kuwa matumizi mabaya ya nguvu za mnunuzi. Angalia maneno hayo: masharti yaliyokubaliwa. Pasipo karatasi, unabaki na kumbukumbu yako dhidi ya yake.

Wapo wateja wa kuwaacha. Anayekataa kianzio, akakataa bei ya siku 60, akakataa kuandika siku zinaanza lini, amekuomba mkopo usio na riba wala tarehe, na wahenga walishasema kukopa harusi, kulipa matanga. Kama hayumo kwenye hayo, kaa naye mezani. Lakini kabla ya kwenda, chukua kalamu, orodhesha kila fedha inayotoka na tarehe yake, jumlisha gharama ya kusubiri, na uigawe kwa idadi ya bidhaa. Usisaini siku 60 za mtu yeyote kabla ya kuijua namba hiyo.