Homilia ya Jubilei: Mfano wa Bagamoyo

Homilia ya jubilei hubeba kazi mbili kwa pamoja: kuwashukuru waliotangulia, na kuwaonyesha waliokaa kwenye mabenchi wanaitiwa nini sasa. Mara nyingi kazi ya kwanza huimeza ya pili. Mhubiri huanza na mwaka wa kuanzishwa, akawataja mapadre mmoja baada ya mwingine, akaeleza paa lilipoezekwa na kengele ilipoletwa, na anapofika siku ya leo waumini wamekwisha kuchoka. Orodha hiyo ina mahali pake, nayo ni risala inayosomwa mwishoni mwa ibada. Homilia huchukua tukio moja tu la historia na kulichimba.

Andiko linalofaa sana ni sura ya 4 ya kitabu cha Yoshua. Waisraeli wanapovuka Yordani huokota mawe 12 mtoni na kuyasimika Gilgali, ili watoto watakapouliza maana yake waelezwe. Wahubiri wengi huishia hapo, kwenye kumbukumbu. Lakini Gilgali ilikuwa kambi ya kwanza ng'ambo ya mto, na Yeriko ilikuwa bado mbele yao. Mawe yale yalisimikwa na watu waliokuwa bado safarini, na jambo hilo ndilo linalompa mhubiri njia ya kutoka jana kwenda kesho.

Bagamoyo inaonyesha vizuri jinsi njia hiyo inavyopitika. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walifungua misheni pale mwaka 1868, wakitokea Unguja. Wengi wa wakazi wa kwanza walikuwa watu waliokombolewa utumwani, watoto wakiwa wengi, na baadaye kikajengwa kijiji cha Wakristo hao. Mwaka 1872 kimbunga kilibomoa sehemu kubwa ya majengo, wakajenga tena. Mwaka 2018, Kanisa Katoliki la Tanzania Bara lilipoadhimisha miaka 150 ya uinjilishaji, miaka hiyo ilihesabiwa kuanzia hapo.

Mhubiri akiishia kwenye habari za ukombozi, atakuwa amewasifu wamisionari na kuwaacha waliokombolewa wamekaa tu wakipokea. Lipo tukio linalofungua zaidi. Mwaka 1877, miaka 9 tu baada ya Bagamoyo, misheni mpya ilifunguliwa Mhonda, bara, kwenye milima ya Nguru. Walioondoka na mapadre kwenda kuianzisha walikuwamo wanandoa wa kijiji kile cha waliokombolewa. Mtu aliyewahi kupigwa bei sokoni sasa alikuwa anajenga nyumba, analima shamba, na maisha yake ndiyo katekisimu ya kwanza ambayo majirani waliiona. Aliyepokelewa amekuwa mtumwa wa Bwana anayetumwa. Kwa tukio hilo moja, historia yenyewe inauliza swali la wakati ujao: nasi tuliopokelewa, Mhonda yetu iko wapi?

Heshima ya kweli kwa historia inadai pia ukweli wake mchungu. Maisha misheni yalikuwa ya nidhamu kali na kazi nyingi za shamba, na wapo waliotoroka. Mhubiri akilisema hilo kwa sentensi mbili, bila kubeza na bila kujitetea, wazee wanaoijua habari humwamini na katika mengine. Akilificha, wao ndio wa kwanza kugundua. Hivyo maandalizi huanza wiki kadhaa kabla, kwa kukaa na wazee, kupitia vitabu vya ubatizo na kutembea makaburini. Kwenye rejista za zamani, jina la ubatizo peke yake, lisilo na jina la baba, linaweza kusimulia kuliko hotuba nzima.

Sehemu ngumu zaidi ni wito. Kauli kama «tusonge mbele kwa imani» haimpi mtu kazi ya kufanya Jumatatu. Wito hupatikana kwa kuuliza waanzilishi walimwona nani mlangoni pao, kisha nani amesimama hapo leo. Katika mji wa pwani anaweza kuwa binti aliyetolewa kijijini kuja kufanya kazi za ndani, asiye na mkataba wala ndugu wa karibu. Hali yake haifanani na ya mtumwa wa karne ya 19, na mhubiri makini hasemi kwamba zinafanana. Anachosema ni kwamba jumuiya iliyozaliwa kwa kupokea wageni wasio na kwao haiwezi kumpita. Kisha anataja jambo dogo linalowezekana: kila jumuiya ndogo ndogo iwajue kwa majina mabinti wa kazi walio katika eneo lake, na iwape nafasi ya kukaa na wenzao baada ya misa.

Hatari ya mwisho ni mchango. Kamati ya jubilei huwa na ukumbi wa kumalizia au deni la kulipa, na humwomba mhubiri aligusie. Akikubali, waumini watasikia kwamba wito wao ni kujenga ukumbi. Tangazo hilo hungoja wakati wa matangazo. Dalili kwamba homilia imefika huonekana baadaye, wiki mbili tatu zikipita, pale mtu kwenye jumuiya anapotaja Mhonda bila kukumbushwa, akaanza kuhesabu mabinti wa mtaa wake.