Chupa Moja, Mche Mmoja

Tumeletewa picha ya tuta la bustani huko Levolosi, Arusha, na wanachama wametuuliza kama mtambo ule wa kudondoshea maji wafaa kwa miche ya mikarafuu wakati wa kaskazi. Tumeitazama kwa makini, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Chupa moja imetundikwa juu ya mti, na mpira mmoja mrefu wenye matundu umelazwa kutoka kichwa cha tuta hadi mwisho wake. Tuta lenyewe limeinama, kama ilivyo ardhi nyingi chini ya Mlima Meru. Upande wa juu udongo ni mweupe, na upande wa chini kuna dimbwi. Sababu yake ni kuwa maji husukumwa na kimo chake: tundu lililo chini hupata nguvu zaidi, na la juu hunyimwa. Tena chupa imebonyea mbavu. Hiyo ni dalili kwamba hewa haiingii, na bila hewa kuingia maji hayatoki.

Mkarafuu mchanga hufa kwa ukame, lakini pia huoza mizizi ukisimama majini. Kwa hiyo twashauri kila mche upewe chupa yake.

Chukua chupa ya lita 1.5. Ikate kitako, kisha ukirudishe kama kifuniko ili mbu wasizalie humo. Nunua duka la dawa mpira mpya wa dripu. Uliokwisha tumika hospitali usiuguse. Toboa kizibo kwa msumari wa moto, tundu liwe dogo kuliko ncha ya mpira, uiingize kwa nguvu isivuje. Funga chupa kichwa chini kwenye mti, kama mita moja juu ya ardhi, na ncha ya chini uilaze karibu na shina bila kuligusa. Maji yachujwe kwa kitambaa, kwani mchanga kidogo tu huziba mpira.

Sasa geuza kigurudumu cha kubania hata uhesabu matone 10 kwa dakika. Mipira mingi ya namna hii hutoa matone 20 kwa mililita moja. Basi kwa saa moja hupata mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula, na chupa itadumu saa 50 hivi. Kinga kikombe kwa saa moja uhakikishe. Hesabu tena chupa ikiwa nusu, kwa kuwa maji yakipungua matone nayo hupungua.

Picha haionyeshi yaliyo chini ya udongo. Kesho yake chimba kando ya mche kina cha kidole, ufinyange udongo mkononi. Ukishikana, kipimo ni sawa. Ukitiririsha maji, punguza matone. Ukimong'onyoka, ongeza. Kwenye mchanga maji huzama wima bila kutanda, basi sogeza ncha karibu zaidi na shina.

Mtambo huu ni wa miche tu. Mkarafuu mkubwa hautoshelezwi na chupa.