Mafuta Kwenye Gurudumu la Mbele: Je, Shokapu Inavuja au ni Breki?

Dereva mmoja wa bodaboda alituletea lalamiko kwamba alilipia matengenezo ya breki mara mbili ndani ya wiki tatu, na bado breki ya mbele ya pikipiki yake ilikuwa ikipiga kelele na kushika kwa udhaifu. Pikipiki yenyewe ni ya cc 125, yenye breki ya diski mbele. Mara ya kwanza fundi aliona unyevu kwenye kalipa, akasema mafuta ya breki yanavuja, akabadilisha mipira ya ndani ya kalipa na pedi. Baada ya siku tisa unyevu ulirudi. Mara ya pili akabadilishiwa mpira unaopitisha mafuta ya breki pamoja na pedi nyingine mpya, na unyevu ukarudi tena. Breki ile haikuwa na kosa lolote. Mafuta yalikuwa yakitoka juu yake, kwenye shokapu ya mbele, yakiteremka taratibu hadi kwenye kalipa na kuziharibu pedi mpya kila zilipofungwa.

Kosa la namna hii ni rahisi kutokea, kwa sababu mguu wa shokapu na kalipa ya breki vimeshikana mahali pamoja. Kila shokapu ya mbele ina bomba jembamba la chuma linalong'aa, ambalo huingia na kutoka ndani ya gamba nene la chini. Ndani ya gamba hilo mna mafuta, kwa kawaida takriban mililita 150 hadi 200 kwa kila mguu katika pikipiki ndogo, kiasi kisichozidi kikombe cha chai. Kinachoyazuia mafuta hayo yasitoke ni oili sili, yaani pete ya mpira iliyokaa kwenye mdomo wa gamba na kulibana bomba. Juu yake huwekwa mpira mwingine wa kuzuia vumbi. Oili sili ikichakaa, kila shimo la barabarani husukuma mafuta kidogo nje, nayo huteremka kwenye gamba hadi yanapokuta kizuizi. Katika mguu wenye diski, kizuizi hicho ni kalipa.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kutafuta mahali palipolowa juu kuliko pengine pote. Mafuta huteremka, wala hayapandi, ingawa pikipiki ikiwa katika mwendo upepo huweza kuyarusha nyuma. Mtu anayeanza kutazama kwenye kalipa, kama alivyofanya fundi yule, huona mwisho wa safari ya mafuta na kudhani ni chanzo.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji kifaa cha gereji. Isimamishe pikipiki mahali tambarare, uoshe miguu yote miwili ya mbele pamoja na kalipa kwa maji ya sabuni, kisha uikaushe kabisa kwa kitambaa safi. Hatua hii isirukwe, kwani juu ya uchafu wa zamani hakuna kinachoweza kusomeka. Kisha panda, shika breki ya mbele, na uikandamize pikipiki chini kwa uzito wako mara kumi hadi kumi na tano, ili shokapu zizame na kurudi. Shuka utazame bomba linalong'aa. Ukikuta pete ya mafuta imeachwa juu ya bomba, au tone linakusanyika kwenye mdomo wa gamba, oili sili ya mguu huo inavuja. Linganisha na mguu wa pili: utando mwembamba sana, ambao unaonekana tu ukiupitisha kidole na usiotengeneza tone, ni jambo la kawaida na si uvujaji.

Baada ya hapo, pima breki peke yake. Zungushia karatasi nyeupe ya chooni kwenye viungio vya mpira wa breki, cha juu kwenye kishikio na cha chini kwenye kalipa, kisha ubane kishikio kwa nguvu na kukishikilia kwa dakika moja. Breki nzima hubaki ngumu mkononi na karatasi hubaki kavu. Kishikio kikizama polepole kuelekea usukani, au kikiwa laini kama kinachobana hewa, au karatasi ikilowa, basi tatizo limo ndani ya breki yenyewe. Tazama pia kikopo cha mafuta ya breki kilichopo kwenye usukani. Tahadhari moja inahitajika hapa: mafuta hayo hushuka kidogo kadiri pedi zinavyolika, na kushuka huko kwa miezi si uvujaji. Kinachotia shaka ni kushuka kunakoonekana ndani ya siku chache. Mlalamikaji wetu alipoulizwa, alikumbuka kwamba kikopo chake hakikupungua hata kidogo kwa muda wote wa wiki tatu. Dalili hiyo moja ingetosha kuzuia kalipa isifunguliwe.

Ikiwa shaka bado ipo, yapo majaribio ya glasi ya maji. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 3 na DOT 4, ambayo ndiyo yanayotumika katika pikipiki nyingi, huchanganyika na maji na kupotea ndani yake. Mafuta ya shokapu huelea juu na kutanda kwa rangi za upinde wa mvua. Kusanya matone machache kwa kipande cha plastiki safi, uyadondoshee kwenye maji, na jibu litaonekana mara moja. Dalili nyingine ni rangi ya pikipiki: mafuta ya breki huila rangi, huilainisha na kuitoa malengelenge, ilhali mafuta ya shokapu huacha tu uchafu mweusi uliogandamana na vumbi. Baada ya kuyagusa mafuta ya breki, osha mikono, na mwaga maji mengi popote yalipodondokea.

Kipo chanzo cha tatu ambacho si cha shokapu wala cha breki. Baadhi ya waosha pikipiki hupaka dizeli au oili ili chombo king'ae, na wengine hupuliza kilainishi cha mnyororo bila kulikinga gurudumu. Breki ikianza kulia siku ileile pikipiki ilipotoka kuoshwa, na mng'ao ukiwa umeenea pande zote mbili za gurudumu badala ya kufuata mstari mmoja wa kuteremka, anza kwa kumuuliza aliyeiosha.

Swali la iwapo pikipiki inafaa kuendeshwa linategemea mafuta yamefika wapi. Mafuta ya breki yakivuja, hata kwa matone, pikipiki isiendeshwe kabisa. Ipelekwe kwa fundi ikisukumwa au ikibebwa. Breki ya aina hii hufanya kazi kwa shinikizo, na uvujaji mdogo unaostahimili kubana kwa upole huweza kufunguka wote siku utakapobana kwa hofu. Mafuta ya shokapu yakiwa yamefika kwenye diski, pedi au tairi, hukumu ni hiyohiyo. Breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha pikipiki, kwa sababu uzito huhamia mbele mara tu unapobana. Wanaosema watatumia ya nyuma peke yake kwa siku mbili tatu wanajidanganya, hasa wakiwa na abiria.

Hali ni tofauti ikiwa mafuta yameishia kwenye gamba, mbali na breki na tairi. Hapo pikipiki inaweza kuendeshwa kwa mwendo wa pole hadi kwa fundi, bila abiria wala mzigo, huku mafuta yakifutwa na kutazamwa kabla ya kila safari. Isichukuliwe kuwa ruhusa ya mwezi mzima. Mguu ukiishiwa mafuta, gurudumu hudundadunda badala ya kutulia, usukani huzama mno unapofunga breki, na shokapu hugonga chuma kwa chuma kwenye mashimo. Pikipiki zenye breki ya ngoma mbele zina nafuu kidogo, kwa kuwa ngoma imefunikwa, lakini tairi halikufunikwa.

Matengenezo hayana budi kuanza kwa kutafuta sababu. Wakati mwingine oili sili ni nzima ila punje ya mchanga imenasa chini yake, hasa baada ya matope kukaukia kwenye bomba. Fundi mwangalifu huinua mpira wa vumbi na kupitisha ukanda mwembamba wa plastiki laini, hata uliokatwa kwenye chupa ya soda, ili kuutoa uchafu. Kamwe si wembe wala bisibisi. Uvujaji ukikoma, umeokoa fedha. Usipokoma, oili sili zibadilishwe miguu yote miwili, na mafuta mapya ya shokapu yawekwe kwa kipimo sawa kila upande, kama kitabu cha pikipiki kinavyoelekeza. Kabla ya kufunga, pitisha ukucha juu ya bomba linalong'aa. Ukucha ukikwama kwenye kutu au mkwaruzo, oili sili mpya itachanika na uvujaji utarudi baada ya muda mfupi. Hapo bomba lirekebishwe au libadilishwe, na mteja aelezwe hivyo kabla ya kulipa, si baada.

Pedi zilizonywa mafuta zibadilishwe. Tunafahamu kwamba wapo wanaozichoma moto au kuzisugua kwa msasa. Mafuta yamezama ndani yake, na joto la breki huyarudisha juu. Diski yenyewe husafishika kwa spiriti na kitambaa safi, wala si kwa dizeli. Utaratibu ni muhimu kuliko vyote: shokapu kwanza, usafi wa diski na kalipa pili, pedi mpya mwisho. Mlalamikaji wetu aliuziwa hatua ya mwisho mara mbili kabla ya ile ya kwanza. Kazi ikiisha, bana kishikio mara kadhaa mpaka kiwe kigumu kabla ya kuondoka, kwani mbano wa kwanza baada ya kubadilisha pedi huwa mtupu. Kisha funga breki kwa upole mara nyingi mahali pasipo na watu ili pedi zikae, ndipo upakie abiria.

Unapokabidhi pikipiki, mwombe fundi akuoneshe kwa macho mahali penye uvujaji kabla ya kufungua chochote. Dai risiti inayotaja kila spea iliyobadilishwa na mguu uliotengenezwa, na uchukue spea za zamani. Katika shauri tulilolieleza, pedi mbili zilizolowa mafuta ya shokapu, ambazo dereva alizihifadhi kwenye mfuko, ndizo zilizothibitisha kwamba kazi ya breki haikuhitajika, na gharama za ile mara ya pili zikarejeshwa.