Ukungu wa Seronera kwenye Kioo cha Kompyuta

Picha ile umeiona mara nyingi: alfajiri ya mbuga, migunga imesimama myeusi kama imechorwa kwa wino, na nyuma yake vilima vinafifia kimoja baada ya kingine. Watu hudhani uzuri wake unatoka kwenye jua. Mimi nasema unatoka kwenye maji yaliyomo hewani.

Chukua bonde la mto Seronera, katikati ya Serengeti. Ukiingia hifadhini kutoka kusini unapita nyika tupu, karibu bila mti, kwa sababu majivu ya kale ya volkano yameacha chini ya udongo tabaka gumu ambalo mizizi ya miti hushindwa kulipenya. Seronera ni kwingine. Hapo migunga ipo mingi, na mto unalowesha ardhi. Usiku ukiwa shwari, bila mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake, hewa iliyo juu yake hupoa, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito, huteremka polepole hadi bondeni. Huko unyevu wake hugeuka matone madogo sana. Huo ndio ukungu, na huwa mzito zaidi karibu na mapambazuko, saa ambayo baridi imefika kilele.

Sasa tazama kazi yake. Kila tone hutawanya mwanga, kwa hiyo ukungu ulio kati yako na mti huongeza weupe juu ya weusi wa mti huo. Kompyuta hupima mwanga kuanzia 0, yaani weusi mtupu, hadi 255, weupe mtupu. Tuseme mgunga ulio mita 60 kutoka kwako unasoma 15. Mwingine wa mita 400 utasoma labda 90, na kilima cha kilomita 2 kitasoma 170. Jicho linaziona namba hizo kama umbali. Bila ukungu vyote vitatu vingekuwa vyeusi sawasawa, na picha ingebaki bapa kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi.

Ukiona hata mti wa karibu umekuwa kijivu, ujue umo ndani ya ukungu wenyewe. Tafuta barabara iliyo juu kidogo ya bonde, uutazame ukungu kwa juu. Na ubaki barabarani, maana eneo hilo haliruhusu gari kukanyaga majani. Zima injini, kwa kuwa mtetemo wake hufika hadi kwenye lenzi, kisha laza kamera juu ya kifuko cha mchele kwenye paa lililofunguliwa. Usiwe na papara, lakini usizubae pia: karibu na ikweta jua hupanda wima, kama nyuzi 15 kwa saa, na likishapasha ardhi joto ukungu haukai. Pima mwanga wa anga, si wa mti. Ukipima mti, kamera itang'arisha kila kitu na weusi utapotea.

Nyumbani ndiko wengi huharibu. Kamera nyingi hupiga kwa uwiano wa 3:2, ilhali kioo cha kompyuta kwa kawaida ni 16:9. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 itabaki 6000 kwa 3375, kwa hiyo acha anga ya ziada tangu unapopiga. Kumbuka pia kwamba Windows hupanga aikoni upande wa kushoto, Mac huzipanga kulia, na chini kuna mwambaa wa programu. Mgunga wako mzuri ukiukalisha kushoto, mwenye Windows ataufunika kwa mafaili yake ya mishahara.

Adui mwenyewe ni michirizi. Anga ya ukungu hubadilika taratibu mno. Ikitoka 190 juu hadi 235 karibu na upeo, hizo ni hatua 45 tu. Zitandaze kwenye mistari 1350 ya pikseli, na kila hatua inakuwa utepe wa pikseli 30, mpana wa kutosha jicho kuuona. Anga laini inageuka ngazi. Dawa yake ni kuhariri kwa biti 16, na kabla ya kushusha hadi biti 8, kunyunyiza chembechembe kidogo sana ili kingo za tepe zivunjike. Ukihifadhi kwa JPEG usibane mno, maana mbano mkali hufuta chembe hizo na ngazi hurudi.

Kagua kwa kuifungua picha kwenye kioo kizima, taa ya chumba ikiwa imezimwa, ukitazama pale juu ya upeo ambapo rangi ya chungwa inaingia kwenye kijivu. Ikiwa kuna michirizi, itaanzia hapo.