Ameacha Kazi, Faili Bado Liko Mezani

Septemba 2001, konstebo Simon Harwood wa Jeshi la Polisi la London alikuwa na kesi ya nidhamu mbele yake. Miaka michache nyuma, akiwa nje ya zamu, alikuwa amegombana na dereva mwenzake barabarani. Alidaiwa kumkamata dereva yule isivyo halali, kisha kubadilisha maelezo aliyoyaandika. Kabla shauri halijasikilizwa, akastaafu kwa sababu za kiafya. Kesi ikafia hapo hapo, kwa kuwa hapakuwa tena na askari wa kuadhibiwa.

Siku chache baadaye alirudi katika jeshi lile lile, safari hii kama mfanyakazi raia. Mwaka 2003 akawa askari tena katika kaunti jirani ya Surrey, na mwaka uliofuata akahamia London. Faili lilikuwa na tuhuma, lakini halikuwa na jibu, na tuhuma isiyo na jibu ni rahisi kuifumbia macho.

Aprili 1, 2009, London ilijaa waandamanaji waliokuja kuupinga mkutano wa G20. Ian Tomlinson, muuza magazeti wa miaka 47, alikuwa anarudi kwake, mikono mfukoni. Harwood alimpiga kirungu mguuni, akamsukuma kwa nyuma hadi akaanguka. Muda mfupi baadaye Tomlinson alifariki. Mwaka 2011 baraza la uchunguzi wa kifo hicho liliamua kwamba aliuawa kinyume cha sheria. Mwaka 2012 mahakama ya jinai ilimwachia Harwood huru kwa shitaka la kuua bila kukusudia, na miezi miwili baadaye jeshi likamfukuza kazi. Ni baada ya hukumu hiyo ndipo umma ulipoelezwa habari za 2001.

Dawa ya kwanza iliyojaribiwa Uingereza na Welisi ilikuwa kufunga mlango. Tangu Januari 2015, askari anayechunguzwa kwa kosa kubwa alizuiwa kujiuzulu wala kustaafu. Kwa maneno ilipendeza. Kwa vitendo, mtu aliyekwisha kuamua kuondoka alibaki kwenye orodha ya mishahara, mara nyingi akiwa amesimamishwa kazi, nyumbani, akilipwa na walipa kodi wale wale waliotaka awajibishwe.

Desemba 2017 wakageuza njia. Askari anaruhusiwa kwenda zake, ila shauri linaendelea bila yeye kuwa mtumishi. Kosa likithibitika, kamati huandika kwamba angekuwa bado kazini angefukuzwa, na jina lake linaingia kwenye orodha ya waliozuiwa kuajiriwa na polisi. Hata tuhuma ikiibuka baada ya kuondoka, kwa kawaida kuna miezi 12 ya kuanzisha shauri.

Mwajiri wa kawaida, mwenye duka kubwa au shule binafsi, hana orodha ya namna hiyo. Akishapoteza mamlaka juu ya mtu, hawezi kumpa onyo wala kumshusha cheo. Lakini hakuna kinachomzuia kuhoji mashahidi, kuhifadhi picha za kamera kabla hazijafutika na kuandika ripoti ya kilichotokea. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaona kwamba adhabu haiwezekani tena, basi wanauacha na ukweli.

Wanasahau pia notisi. Kenya na Tanzania, mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi kwa kawaida hutoa notisi ya siku 28. Siku hizo zote bado ni mwajiriwa, na anaweza kuitwa kujieleza. Mwajiri anayemwambia aondoke leo leo, kwa furaha ya kuupata mzigo chini, anaitupa nafasi hiyo kwa mkono wake.

Kukatiza shauri humwumiza hata mtuhumiwa. Mwaka 2016 jopo liliundwa Kenya kuchunguza madai ya hongo dhidi ya Jaji Philip Tunoi wa Mahakama ya Juu, madai aliyoyakana. Yeye hakujiuzulu, Juni mwaka huo suala la umri wa majaji kustaafu lilimalizika kwa miaka 70 kubaki ndiyo ukomo, akawa amestaafu, na jopo likafunga kazi bila uamuzi. Hakutiwa hatiani, wala hakusafishwa.

Kuendelea nako kuna mipaka. Aliyeondoka halazimiki kuja kikaoni, na kukaa kwake kimya si kukiri; watu huacha kazi kwa uchovu, kwa aibu, au kwa kuwa wamepata kazi nyingine. Ni haki atumiwe tuhuma kwa maandishi na apewe muda wa kujibu. Asipojibu, ripoti iseme wazi kuwa upande mmoja tu ndio uliosikika, itenganishe kilichothibitika na kilichodaiwa, na mwajiri mpya akiuliza aelezwe hayo tu, si minong'ono ya ofisini.