Kutoka PDF hadi PowerPoint: Yanayozipata Picha na Visanduku vya Maandishi

PDF huhifadhi mahali kitu kilipo kwenye ukurasa. PowerPoint huhifadhi kitu chenyewe ni nini: hiki ni kichwa cha slaidi, hii ni orodha, hii ni chati yenye takwimu zake. Mtu anapogeuza faili la PDF liwe slaidi, programu hulazimika kutazama mahali vitu vilipo na kukisia vilikuwa nini. Karibu kila kasoro inayoonekana baada ya kugeuza, kuanzia sentensi iliyokatika vipande hadi picha yenye mandharinyuma meusi, inatokana na makisio hayo.

PDF ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 ili waraka uonekane vilevile kwenye kompyuta yoyote na kwenye karatasi. Kwa kazi hiyo, msomaji hahitaji kujua aya inaanzia wapi. Inatosha kila herufi iwekwe mahali pake. Faili la PPTX, ambalo Microsoft ilianza kulitumia katika Office 2007, limeundwa kwa ajili ya kuhaririwa. Ni kifurushi cha aina ya ZIP: maelezo ya kila slaidi yamo katika faili lake, na picha zimewekwa kando katika folda ya `ppt/media`.

Tuchukue slaidi moja ya somo la jiografia. Ina kichwa "Mlima Kilimanjaro", na chini yake hoja tatu zinazotaja vilele vya Kibo, Mawenzi na Shira. Upande wa kulia kuna picha ya mlima iliyokatwa ikawa duara, na chini yake chati ya nguzo inayolinganisha vilele hivyo: mita 5,895, mita 5,149 na mita 3,962. Mwalimu aliihifadhi kama PDF, kisha faili la awali likapotea. Sasa anataka kuirudisha katika PowerPoint aisahihishe.

Ndani ya PDF, kichwa cha slaidi hiyo kinaweza kuandikwa hivi, kwa namna iliyorahisishwa:

```
BT
/F1 36 Tf
72 450 Td
(Mlima Kilimanjaro) Tj
ET
```

Maana yake ni kwamba ichukuliwe fonti ya kwanza kwa ukubwa wa 36, mwandiko uanzie pointi 72 kutoka ukingo wa kushoto na pointi 450 kutoka chini ya ukurasa, kisha herufi zichapwe. Pointi 72 ni sawa na inchi moja. Hakuna panaposemwa kwamba hiki ni kichwa, wala hakuna kisanduku. Kuna mwandiko na mahali pake tu.

Kigeuzi huanza kwa hesabu. PowerPoint hupima kutoka juu kwenda chini, na kila pointi moja hugawanywa katika vipimo 12,700. Kwa ukurasa wenye kimo cha pointi 540, mwandiko ulio pointi 450 kutoka chini uko pointi 90 kutoka juu, na umbali wa kushoto wa pointi 72 unakuwa 914,400. Hesabu hii haina utata, na ndiyo maana vitu vingi hutua karibu kabisa na mahali vilipokuwa. Ugumu huanza pale kigeuzi kinapotakiwa kubuni kisanduku ambacho PDF haikukihifadhi: kiwe na upana gani, na kibebe mistari mingapi.

Hoja ya kwanza ya slaidi yetu ni ndefu, kwa hiyo imeshuka hadi mstari wa pili. Katika PDF, hiyo ni mistari miwili isiyohusiana. Kigeuzi makini hutazama kama inaanzia usawa mmoja kushoto, kama fonti ni ileile, na kama nafasi kati yake inalingana na nafasi ya kawaida ya mistari. Yote yakilingana, huiunganisha iwe aya moja. Kigeuzi kisicho makini huacha kila mstari katika kisanduku chake. Slaidi huonekana sawa kwa macho, lakini ukiongeza neno moja kwenye mstari wa kwanza, neno la mwisho haliteremki kwenye mstari wa pili, bali huvuka ukingo na kuigonga picha. Kosa la kinyume hutokea kwenye kurasa zenye safu mbili: mistari ya safu ya kushoto huunganishwa na ya kulia, na sentensi zikachanganyika.

Vitone vya orodha navyo hupoteza maana yake. Katika PDF kitone ni alama iliyochapwa kama herufi nyingine yoyote. Baada ya kugeuza, mara nyingi hubaki hivyo, kikifuatiwa na nafasi tupu, na kubonyeza Enter hakuleti kitone kipya.

Kuna njia rahisi ya kuona hali halisi. Katika menyu ya View, chagua Outline View. Upande wa kushoto huonyesha maandishi yaliyo katika nafasi rasmi za mpangilio wa slaidi, yaani kichwa na maelezo. Maandishi yaliyo katika visanduku vya kawaida hayaonekani hapo. Slaidi iliyojaa maneno lakini tupu katika Outline View ni slaidi ambayo kigeuzi kimeirejesha sura bila muundo. Kubadili mpangilio au mandhari yake hakutapanga maandishi hayo upya.

Fonti huongeza tatizo lake. PDF kwa kawaida hubeba zile herufi tu zilizotumika katika waraka, si fonti nzima. PowerPoint hupokea jina la fonti na kuitafuta kwenye kompyuta. Isipokuwepo, hutumia nyingine, na hiyo ikiwa pana kidogo, "Mlima Kilimanjaro" haitoshei tena katika kisanduku kilichopimwa kwa fonti ya awali, na neno la pili hushuka chini. Tiba ni kusakinisha fonti yenyewe, au kutumia amri ya Replace Fonts kuweka fonti moja iliyopo katika slaidi zote, kisha kupanua visanduku.

Baadhi ya mafaili hayana jedwali linaloeleza kila umbo ni herufi ipi. Kwenye skrini maneno husomeka vizuri, lakini kigeuzi hutoa alama zisizo na maana. Hili hujulikana mapema: nakili sentensi moja kutoka kwenye PDF na uibandike katika Notepad. Ikitoka vurugu, hata slaidi zitatoka vurugu, na itabidi ukurasa usomwe upya kwa OCR, yaani programu ya kutambua herufi katika picha.

Kwa picha, kuna mambo mawili ya kutofautisha: pikseli zenyewe na namna zilivyoonyeshwa ukurasani. Picha ya Kilimanjaro inaweza kuhifadhiwa ndani ya PDF ikiwa na pikseli 1,600 kwa 1,200, kisha ukurasa ukaamuru ichorwe kwa upana wa pointi 320. Kigeuzi kizuri huchukua pikseli zote na kuziweka katika nafasi ileile. Lakini ikiwa PDF ilipotengenezwa picha ilipunguzwa hadi pikseli 400, hizo ndizo zilizobaki. Ukiivuta ijaze slaidi itafifia, na hakuna kigeuzi kinachoweza kurudisha pikseli zilizokwisha kutupwa.

Duara lile ni jambo jingine. Katika PDF picha yenyewe inaweza kubaki ya mstatili, na duara likawa ni mpaka unaoficha pembe zake. Kigeuzi kikiupuuza mpaka huo, picha nzima hujitokeza na kufunika maandishi yaliyo jirani. Hapa kuna jambo la faragha: sehemu iliyodhaniwa kukatwa, labda uso wa mwanafunzi pembeni, inaweza kuonekana tena. Kabla ya kugawa faili jipya, chagua picha, fungua Compress Pictures, na uweke alama kwenye Delete cropped areas of pictures. Hilo hufuta sehemu zilizofichwa kwa ukataji wa PowerPoint.

Picha yenye sehemu zinazopenya mwanga, kama nembo isiyo na mandharinyuma, huhifadhiwa katika PDF kwa vipande viwili: rangi zake, na kinyago kinachoeleza wapi paonekane na wapi pasionekane. Kigeuzi kikichukua rangi na kuacha kinyago, nembo hutoka ikiwa ndani ya boksi jeusi au jeupe. Vivuli na rangi zinazofifia polepole nazo huweza kukatwa vipande vingi vyembamba, ambavyo baada ya kugeuza huonyesha mistari hafifu kati yake. Ukifungua Selection Pane kwa Alt+F10, utaona orodha ndefu ya vitu mahali ulipotarajia kimoja.

Chati haikuwa picha, wala hairudi kuwa chati. Nguzo zake huwa maumbo ya mstatili, na namba 5,895, 5,149 na 3,962 huwa visanduku vidogo vya maandishi. Rangi ya nguzo inaweza kubadilishwa, lakini ukisahihisha namba nguzo haitasogea, kwa sababu jedwali la takwimu halikuingia katika PDF. Njia ya haraka ni kuingiza chati mpya na kuandika namba hizo tatu upya.

Kurasa zilizopigwa skani ziko peke yake: ukurasa mzima ni picha moja, hivyo slaidi hutoka na picha moja isiyoharirika. OCR hutatua hilo, na programu ya Tesseract ina data ya Kiswahili inayoitwa kwa msimbo `swa`. Hata hivyo, PDF nyingi zilizopitishwa OCR hubeba maandishi yasiyoonekana yaliyowekwa juu ya picha ya ukurasa. Baadhi ya vigeuzi huyafanya yaonekane, na kila neno likatokea mara mbili. Ikiwa hivyo, hakiki maandishi kwanza, kisha futa picha ya ukurasa iliyo nyuma.

Programu ya PowerPoint ya kompyuta haifungui PDF moja kwa moja, kwa hiyo hutumika programu nyingine. Adobe Acrobat ya kulipia ina amri ya kusafirisha kwenda PowerPoint na hujitahidi kuunganisha mistari. LibreOffice, ambayo ni ya bure, hufanya kazi hiyo kwa amri hii:

```
soffice --headless --infilter="impress_pdf_import" --convert-to pptx somo.pdf
```

LibreOffice huweka vitu mahali pake vizuri, ila maandishi mara nyingi hubaki yamegawanyika katika visanduku vingi.

Kwa slaidi yetu, kazi iliyobaki ni fupi. Mwalimu huongeza slaidi mpya yenye mpangilio wa Title and Content, hubandika maneno kwa Keep Text Only ili yaingie katika nafasi rasmi, huunganisha mistari iliyokatika, huhamisha picha na kuikata upya, kisha hutengeneza chati. Ikiwa anataka tu kuuonyesha ukurasa bila kuuhariri, hana haja ya kugeuza maandishi kabisa: amri ya `pdftoppm -r 144 -png somo.pdf ukurasa` huufanya ukurasa wa pointi 960 kwa 540 kuwa picha ya pikseli 1,920 kwa 1,080, inayojaza slaidi bila kupotosha hata herufi moja.